Kreatini na vimeng'enya vya ini: namna ya kusoma majibu ya damu na wakati wa kumwona daktari

Mtu anayenyanyua vyuma na kutumia kirutubisho cha kreatini anaweza kwenda kupimwa afya kwa ajili ya ajira au bima, akiwa hana ugonjwa wowote anaoujua, kisha akapewa karatasi ya majibu ambayo AST na ALT zimepigiwa mstari kwa sababu zimevuka kiwango. Mara nyingi mambo mawili hufuata, na yote mawili yana kasoro. Wengine huambiwa kwamba ule unga wa kwenye kopo umeanza kuharibu ini, wakaishi na hofu isiyo na msingi. Wengine huambiwa na wenzao wa jimu kwamba "hiyo ni misuli tu", wakaikunja karatasi na kuiweka kabatini huku wakiwa na homa ya ini ambayo ingegunduliwa siku hiyohiyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutenganisha hali hizi mbili kwa utaratibu, na ni lini utaratibu huo uachwe ili mtu aende hospitali bila kusubiri.

Kabla ya hatua zenyewe: vimeng'enya hivi vinatoka wapi

Karatasi ya vipimo vya ini huwa na majina machache. ALT na AST, ambazo baadhi ya maabara bado huziandika SGPT na SGOT, ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya seli, na hupanda katika damu pale seli zinapojeruhiwa na kuvuja. ALP na GGT huelekeza zaidi kwenye mirija ya nyongo, ingawa ALP hutoka pia kwenye mifupa, na GGT hupanda kwa sababu nyingine kama pombe na baadhi ya dawa. Bilirubini ni rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, na ini ndilo lenye kazi ya kuitoa mwilini.

Jambo ambalo karatasi haisemi ni kwamba AST na ALT hazimo ndani ya ini peke yake. Misuli ina AST nyingi, na ina ALT pia ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. AST imo hata katika moyo na katika chembe nyekundu za damu, kiasi kwamba sampuli ambayo damu yake imevunjika wakati wa kuchotwa inaweza kuonyesha AST ya juu kwa mtu mwenye afya kamili. Kwa hiyo kuviita vimeng'enya hivi "vya ini" ni mazoea ya lugha ya hospitali, na mazoea hayo ndiyo chanzo cha nusu ya hofu tunayoizungumzia hapa. GGT, kwa upande wake, haitokani na misuli kwa kiasi cha maana, na ndiyo sababu itatusaidia huko mbele.

Kipimo kingine cha kukijua ni CK, kimeng'enya cha misuli. Jina lake refu ni kinasi ya kreatini, na jina hilo limewapotosha wengi wakadhani kwamba CK hupanda kwa sababu mtu amekunywa kreatini. Sivyo. CK hupanda kwa sababu nyuzi za misuli zimejeruhiwa, iwe ni kwa mazoezi, kwa kuanguka, kwa sindano ya msuli au kwa ugonjwa, hata kama mtu hajawahi kuliona kopo la kreatini maishani mwake.

Tafiti zinasema nini

Utafiti ambao ningependa kila mnyanyua vyuma aujue ulichapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Uswidi, na wala haukuhusu kreatini. Walichukua wanaume 15 wenye afya, waliozoea mazoezi ya kawaida lakini si ya kunyanyua vyuma, wakawafanyisha mazoezi ya vyuma kwa muda wa saa moja, kisha wakawapima damu mara kwa mara. AST, ALT na CK zilipanda na kubaki juu kwa siku 7 au zaidi, ilhali GGT, ALP na bilirubini zilibaki katika kiwango cha kawaida. Saa moja tu ya vyuma ilitosha kuwafanya watu wenye ini zima waonekane kwenye karatasi kama wagonjwa wa ini kwa wiki nzima. Mtu anayeanza mazoezi na kreatini wiki moja, kisha akapimwa, hataweza kujua kutokana na ALT pekee ni kipi kati ya hivyo viwili kilichoipandisha, na kwa kawaida jibu ni mazoezi.

Kuhusu kreatini yenyewe, wachezaji 98 wa mpira wa miguu wa Kimarekani wa vyuo vikuu nchini Marekani walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wengine wakiitumia kwa hadi miezi 21, kwa kiasi cha takriban gramu 5 kwa siku baada ya siku chache za mwanzo za kiasi kikubwa zaidi. Vipimo vyao vya damu, vya ini vikiwemo, havikutofautiana kwa maana na vya wenzao wasioitumia. Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,741 wa ugonjwa wa Parkinson, ambao nusu yao walipewa gramu 10 za kreatini kila siku kwa miaka kadhaa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015: kreatini haikusaidia ugonjwa huo, na jaribio lilisimamishwa kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya madhara.

Mipaka ya ushahidi huu inapaswa kusemwa kwa uwazi. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa na maini mazima walipoanza, na makundi ya wanamichezo yalikuwa madogo, hivyo dhara la nadra sana lingeweza kupita bila kuonekana. Aliyekwisha kuwa na ugonjwa wa ini hawezi kujipima kwa tafiti hizo, bali amuulize daktari wake kabla ya kuanza. Tena, kilichochunguzwa ni kreatini monohaidreti safi iliyopimwa kwa gramu. Mchanganyiko wa mitishamba, vichangamshi na kreatini unaouzwa katika kopo lenye picha ya msuli ni kitu kingine kabisa, na tutaurudia.

Hatua ya 1: tafuta kwanza dalili zinazokataza kusubiri

Kabla ya kusoma namba yoyote, jiangalie. Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa weupe wa macho umekuwa wa njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, choo kikubwa kimepauka kama udongo mweupe, mwili unawasha bila vipele, unatapika mfululizo, una maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, unatokwa na damu kwa urahisi, au watu wa nyumbani wanakuona umechanganyikiwa au una usingizi usio wa kawaida.

Mkojo wa rangi ya chai unastahili neno la ziada, kwa sababu kwa mnyanyua vyuma unaweza kuwa na maana mbili, na zote mbili ni za hatari. Ukija pamoja na macho ya njano, huenda bilirubini inapita kwenye mkojo kwa sababu ini au njia za nyongo zina tatizo. Ukija siku moja hadi tatu baada ya mazoezi makali, pamoja na misuli iliyovimba, inayouma kupita kawaida na kukosa nguvu, huenda misuli imevunjika kupita kiasi na protini yake nyekundu inachujwa na figo, ambazo zinaweza kuziba na kushindwa kazi. Hali hii ya pili haitibiwi kwa kunywa maji nyumbani na kulala. Inahitaji vipimo vya CK, figo na potasiamu, na mara nyingi dripu.

Namba nazo zina kikomo chake. Ikiwa ALT au AST imezidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, na wakati huohuo bilirubini imezidi mara 2, huku ALP ikiwa haijapanda sana, madaktari huitambua hali hiyo kwa kanuni iliyopewa jina la daktari Mmarekani Hyman Zimmerman. Inapotokana na dawa au kirutubisho, takriban mgonjwa mmoja kati ya 10 hufariki au huhitaji kupandikizwa ini. Hapo hakuna nafasi ya kupumzika wiki mbili na kurudia kipimo.

Hatua ya 2: soma karatasi yote, si mstari uliopigiwa alama

Ukiwa huna dalili hizo, keti na karatasi. Angalia safu ya viwango vya kawaida iliyochapwa na maabara yako, kwa maana maabara hutofautiana, na kiwango cha juu cha ALT huwa mara nyingi kati ya 35 na 55 kwa U/L. Gawanya namba yako kwa kiwango hicho cha juu. ALT ya 80 pale ambapo kikomo ni 40 imezidi mara 2, na lugha hiyo ya "mara ngapi" ndiyo daktari atakayoitumia.

Kisha uliza maswali mawili. La kwanza: ni AST na ALT pekee zilizopanda, au GGT, ALP na bilirubini zimepanda pia? Zikipanda mbili za kwanza pekee, misuli inakuwa mshukiwa halali. GGT au bilirubini ikipanda, maelezo ya misuli hayatoshi tena. La pili: ni ipi kubwa kati ya AST na ALT? Siku za mwanzo baada ya kujeruhi misuli, AST huwa juu kuliko ALT, lakini AST hutoweka katika damu haraka zaidi; nusu yake huondoka kwa saa 17 hivi, ilhali ALT huhitaji saa 47 hivi. Kwa hiyo baada ya siku kadhaa mpangilio unaweza kugeuka na ALT ikawa ndiyo kubwa, bila ini kuhusika. Uwiano huu usisomwe peke yake, kwa kuwa hata ini lililoumizwa na pombe huwa na AST kubwa kuliko ALT.

Iwapo maabara imeandika kwamba sampuli ilikuwa na damu iliyovunjika, omba ichotwe upya kabla ya mjadala wowote.

Hatua ya 3: andika historia ya siku 14 zilizotangulia

Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayomsaidia daktari kuliko zote, kwa sababu maabara haijui ulifanya nini Jumamosi. Andika kwa tarehe: siku gani ulifanya mazoezi, ya sehemu gani ya mwili, kama yalikuwa mapya au ulirudi baada ya mapumziko. Mazoezi ya kushusha uzito polepole, na ya miguu kwa jumla, hujeruhi nyuzi nyingi zaidi. Kazi ngumu kama kubeba mifuko ya saruji au kuchimba msingi nayo ni mazoezi, hata kama hakuna anayeiita hivyo.

Chini yake andika kila kilichoingia mdomoni au mwilini kwa sindano: kreatini na gramu zake, unga wa protini, vidonge vya kupunguza unene, dawa za hospitali, panadol na idadi yake, mitishamba, na pombe. Dawa za kifua kikuu kama isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zinajulikana kudhuru ini kwa baadhi ya watumiaji, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI pia. Asiache mtu dawa hizo kwa uamuzi wake mwenyewe, bali atoe taarifa kwa kliniki yake mapema.

Usifiche steroidi. Daktari hakuulizi ili akupeleke polisi. Mtandao wa hospitali za Marekani unaofuatilia maini yaliyodhuriwa na dawa uliripoti mwaka 2014 kwamba sehemu ya wagonjwa waliodhuriwa na virutubisho ilipanda kutoka asilimia 7 hadi 20 katika kipindi cha miaka 10 hivi. Kundi moja lilijitokeza wazi: vijana wa kiume waliotumia bidhaa za kutunisha misuli, ambao walipata umanjano wa muda mrefu, kwa wastani wa kati wa siku 91. Picha hiyo ni ya steroidi, na mara nyingine steroidi hizo zimo katika bidhaa ambayo lebo yake haizitaji. Dondoo iliyokolezwa ya chai ya kijani, inayowekwa katika vidonge vingi vya kuchoma mafuta, nayo inajulikana kudhuru ini. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukienda kwa daktari ubebe makopo yenyewe mkononi, maana neno "kreatini" kwenye simulizi lako linaweza kuwa limebeba vitu vinne ndani yake.

Hatua ya 4: omba vipimo viwili vya kuongezea

Vipimo hivyo ni CK, na GGT kama haimo tayari. Mara nyingi CK inaweza kupimwa kwenye sampuli ileile ikiwa bado imehifadhiwa, na ni bora hivyo kuliko kuchota nyingine baada ya wiki, kwa sababu ushahidi wa misuli unafifia kila siku. Unaweza kusema hivi: "Shikamoo daktari. Nilifanya mazoezi makali ya vyuma siku mbili kabla ya kipimo. Naomba kuuliza kama tunaweza kuongeza CK na GGT tujue kama hii inatoka kwenye misuli." Daktari hatalichukulia kama ukosefu wa adabu, ni taarifa ambayo pengine hakuwa nayo.

Pamoja na hivyo, ombi la tatu ni kipimo cha homa ya ini B, na cha C ikiwezekana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 65 katika kanda ya Afrika wanaishi na homa ya ini B ya kudumu, na wengi wao hawasikii dalili yoyote. Naweka msimamo wangu hapa bila kuuzungusha: hata kama CK yako iko juu na maelezo ya misuli yanakaa sawa, pima homa ya ini B. Msuli ulioumia na virusi vilivyotulia vinaweza kukaa katika mwili mmoja, na CK ya juu haithibitishi kwamba ini ni zima; inathibitisha tu kwamba msuli umeumia.

Hatua ya 5: pumzika, kisha rudia kipimo

Ikiwa huna dalili za hatari, bilirubini ni ya kawaida, na ALT haijazidi mara 2 au 3, utaratibu unaokubalika ni kupumzika na kurudia. Ikiwa imezidi mara 5, muone daktari ndani ya siku moja au mbili hata kama unajisikia vizuri, na uamuzi wa kusubiri uwe wake.

Pumziko lenyewe liwe la kweli. Siku 7 ndizo za chini kabisa kwa mujibu wa ule utafiti wa Uswidi, na kwa kuwa baadhi ya watu walikuwa bado juu siku hiyo ya saba, mimi hupendekeza siku 10 hadi 14. Kutembea kunaruhusiwa. Kunyanyua vyuma, kukimbia milima, mechi za mwishoni mwa wiki na kusingwa kwa nguvu visifanyike. Pombe iachwe kabisa katika kipindi hicho, na panadol itumike tu ikiwa daktari ameruhusu.

Je, kreatini nayo iachwe? Ndiyo, pamoja na virutubisho vingine vyote visivyo dawa ya hospitali. Hoja ya kuiacha haitokani na kuituhumu. Akiba ya kreatini iliyojaa misulini huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kurudi ilikokuwa, hivyo wiki mbili za kuacha hazikugharimu kitu cha maana katika nguvu zako, nazo zinalipa ini mapumziko endapo kopo lina kitu ambacho hakikuandikwa.

Mfano uliofanyiwa hesabu

Tuchukue kijana wa kutunga, mwenye miaka 27, fundi umeme wa Dar es Salaam, anayetumia gramu 5 za kreatini kwa siku kwa miezi mitatu. Alikuwa ameacha mazoezi kwa mwezi mmoja. Akarudi Jumamosi kwa zoezi zito la miguu, na Jumatatu asubuhi, akishuka ngazi kwa kushikilia ukuta, akaenda kupimwa afya kwa ajili ya kazi mpya. Majibu: AST 126, ALT 68, kikomo cha zote mbili kikiwa 40. ALP, GGT na bilirubini ni za kawaida. Kreatinini, kipimo cha figo, ni 118 ambapo kikomo cha maabara ni 106.

AST imezidi mara 3 hivi na ALT mara 1.7. Bilirubini ni ya kawaida, kwa hiyo kanuni ya Zimmerman haimhusu. Daktari anamuuliza kuhusu mkojo, ambao ni wa rangi ya kawaida, kisha anaongeza CK kwenye sampuli ya Jumatatu, nayo inarudi 3,900 ambapo kikomo ni karibu 200. Namba hiyo inatosha kumfanya daktari apime mkojo na potasiamu kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani, na kumwambia arudi mara moja mkojo ukibadilika. Homa ya ini B na C hazikuonekana.

Siku ya 6 anapimwa tena kwa ajili ya usalama wa figo: AST 58, ALT 61, CK 820. ALT sasa imeipita AST, na mtu asiyejua angesema ini ndilo linaanza kuugua. Kumbe AST imeondoka haraka na ALT inasuasua nyuma yake, kama tulivyoona katika hatua ya 2. Siku ya 14, AST ni 27, ALT 33, CK 170, na kreatinini imeshuka kuwa 101. Hapo daktari anaweza kuandika kwa mwajiri kwamba mabadiliko yalitokana na misuli.

Sasa tubadilishe mambo machache tu. Kijana yuleyule, kopo lilelile, lakini ALT ni 96, AST 52, GGT 110, na CK ni 150. Misuli imejitoa kwenye kesi. Huyu anahitaji historia ya pombe, kipimo cha homa ya ini, uzito na mzunguko wa kiuno, sukari ya damu, na huenda picha ya ultrasaundi kutafuta mafuta kwenye ini. Akiambiwa aache kreatini tu na aende zake, tatizo lake halitakuwa limeguswa.

Kuhusu kreatinini

Kreatini na kreatinini ni vitu viwili tofauti, ingawa cha pili ni mabaki ya cha kwanza. Anayetumia kreatini, na mwenye misuli mingi, anaweza kuwa na kreatinini iliyopanda kidogo bila figo kuwa na tatizo. Mtajie daktari kwamba unatumia kreatini kabla hajahesabu uwezo wa figo kwa namba hiyo. Ikibaki shaka, kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei misuli kwa kiasi hicho, pamoja na kupima protini kwenye mkojo, huondoa utata.

Hatua ya 6: baada ya majibu ya pili

Yakirudi kawaida, anza mazoezi kwa uzito mdogo na upande taratibu. Kreatini irudishwe peke yake, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ya aina ya monohaidreti isiyochanganywa na kitu, bila ile wiki ya mwanzo ya gramu 20 kwa siku, ambayo hujaza misuli haraka tu na haina ulazima. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni mara ya kwanza, kwa sababu vijiko vya makopo havilingani. Rudia vipimo vya ini baada ya wiki 4 hadi 8, ukiwa umepumzika kutoka mazoezi mazito kwa wiki moja kabla ya kuchotwa damu. Virutubisho vingine, kama unavihitaji kweli, viongezwe kimoja kimoja baadaye. Vikirudishwa vyote siku moja, tatizo likijirudia hutajua kimeletwa na kipi.

ALT ikibaki juu baada ya wiki mbili za mapumziko ya kweli, usiendelee kurudia kipimo mwezi baada ya mwezi ukitumaini kitashuka. Nenda kwa daktari afanye uchunguzi kamili wa ini. CK nayo ikibaki juu bila mazoezi, inamhitaji daktari pia, kwa kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, dawa za kushusha lehemu na magonjwa ya misuli ya kurithi huweza kuipandisha. Na ikiwa umanjano ulitokea wakati ukitumia bidhaa fulani, bidhaa hiyo isirudishwe kwa majaribio hata mara moja, maana dhara la pili linaweza kuja haraka na kuwa kali kuliko la kwanza. Hifadhi kopo na mabaki yake, andika namba ya toleo iliyochapwa chini yake, na umpe daktari aripoti kwa mamlaka ya dawa ya nchi.

Ukiwa na kipimo kilichopangwa mapema, kwa mfano cha ajira au cha bima, acha mazoezi mazito siku 7 hadi 10 kabla ya tarehe hiyo, na umwambie mchotaji damu ni lini ulifanya mazoezi kwa mara ya mwisho ili aiandike kwenye fomu.